Ada sifuri ya P2P

"Niko Ujiji. P2P wanaandika ada sifuri, kwa hiyo USDT za kuweka kwa broka nanunua bila makato?"

Hapana, P2P unanunua moja kwa moja kwa mtu mwingine, na makato yamo ndani ya bei anayokuuzia. Anayekwambia utafute bei ya chini tu yuko nusu sahihi. Gawanya shilingi zote zilizotoka kwenye simu kwa USDT zilizoingia kwa broka. Tuseme umelipa shilingi 200,000 kwa bei ya 2,700, na kutuma pesa kwa simu kumekula 3,000 zaidi: unapata USDT 74.07. Kuzihamisha kwenda kwa broka kwa mtandao wa TRC20 wakikata USDT 1, zinafika 73.07. Bei yako halisi ni kama 2,778. Hiyo 1 haipungui hata ukituma kidogo, kwa hiyo mwenye 50,000 anaumia zaidi. Ukihamia mtandao wa makato madogo, hakikisha kwanza broka anaupokea. Vinginevyo pesa inaweza isirudi.