Ripoti haikai kwenye fomati ya ofisi

*Fomati yetu ya ripoti ya ziara ina vichwa vitano: 1 Utangulizi, 2 Shughuli Zilizofanyika, 3 Mafanikio, 4 Changamoto, 5 Mapendekezo. Nilitumwa kukagua kwa nini pampu ya kisima inaungua kila mara. Niliyoyakuta niyaweke wapi? (Fundi, Mbagala)*

Mafanikio siyo mahali pake, na Changamoto ndiyo kabisa. Changamoto ni kilichokukwamisha wewe kazini. Watu wanaandika "pampu imeungua" pale, bosi anamaliza kusoma akidhani ziara ilishindikana, kumbe pampu hiyo ndiyo iliyokupeleka.

Vichwa vitano viache vilivyo, na namba zake. Anayeunganisha ripoti za vituo vyote anachukua namba 4 ya kila mmoja wenu; ukiigeuza kuwa "Matokeo", matokeo yako yataishia kwenye jedwali la changamoto. Wewe shuka ngazi moja. Chini ya 2 ongeza 2.1 Tulivyokagua, 2.2 Tuliyoyakuta, 2.3 Chanzo.

Tuseme mlikuta maji ya kisima yanashuka huku pampu bado inazunguka, na swichi ya kuizima maji yakipungua imerukwa kwa waya. Hayo ni ya 2.2, kwa sababu mmeyaona. Kwamba mota inayopozwa na maji inazunguka pakavu, inachemka na kuungua, hilo ni la 2.3, maana mmelihitimisha. Ukivichanganya, msomaji hajui kipi cha kuaminiwa na kipi cha kuhojiwa.

Mafanikio yatosheke na sentensi moja: "Ziara ilikuwa ya ukaguzi, chanzo kimeelezwa 2.3." Umeme ukikatika kabla hamjapima ampea za mota, hiyo ndiyo changamoto. Itaje na 2.3 pia, kwani inapunguza uhakika wa ulichohitimisha. Wengi huificha.

*Kichwa kisichonihusu nikifute? (Afisa vifaa, Temeke)*

Usikifute. Andika "Haihusiki" na sababu kwa maneno machache. Usiandike "Hakuna" kama hukuangalia. "Ajali: Hakuna" ni ushahidi wako, na siku moja utaulizwa.

*Nimeongeza vichwa vidogo, nimevikoleza wino, lakini kwenye yaliyomo havionekani. (Ubungo)*

Swali hili tena! Wino mzito haufanyi kichwa. Kwenye Word, weka kishale cha kuandikia kwenye mstari wa kichwa, chagua `Heading 2` kwenye `Styles`. Kisha bofya kulia juu ya yaliyomo, `Update Field`, halafu `Update entire table`. Wengi wanachagua `Update page numbers only`, wanaona kurasa zimebadilika, wanatuma. Na kama fomati inajiwekea namba yenyewe, usiandike 2.1 kwa mkono, utapata "2.1 2.1 Tulivyokagua". Hizo nimeziona zikiwa zimeshachapwa na kugongwa muhuri.

*Kwani siwezi kubadili kichwa kikubwa chenyewe? (Kinondoni)*

Kwa ruhusa ya mwenye fomati, tena ya maandishi, kabla ya kutuma. Ukiona kila ziara ya ukaguzi unalazimika kuongeza 2.2 ileile, mpelekee ripoti hizo umwombe aongeze kichwa kwa vituo vyote. Ukibadili kimyakimya peke yako, ripoti yako ndiyo itakayorudishwa.