Kalenda tupu ya mwalimu wa mtandaoni

*Shikamoo dada. Hii ni wiki ya sita tangu nifungue akaunti ya kuwafundisha wageni Kiswahili mtandaoni, na hakuna hata mmoja aliyeomba kipindi. Nafasi nimeweka kila asubuhi, saa mbili hadi saa sita. Bei nimeshaishusha mara mbili. Kosa liko wapi? Wewe ulianzaje?*

Marahaba mdogo wangu. Bei irudishe ilipokuwa. Kosa ni hizo asubuhi zako, na nalijua kwa kuwa nililifanya mwenyewe nilipostaafu. Nilijiona nimepanga vizuri: wajukuu wamekwenda shule, chai imenyweka, joto la Tanga halijapanda. Wiki saba sikupata mtu. Nikadhani ni picha, nikapiga nyingine nimevaa miwani ya kusomea.

Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya kipimo cha dunia nzima, mwaka mzima, hatusogezi saa. Wenzetu wanasogeza. Mjerumani wakati wa kiangazi chake yuko nyuma yetu saa moja, wakati wa baridi saa mbili. Kwa hiyo saa mbili yako ya asubuhi kwake ni 07:00 au 06:00, na ukifunga saa sita mchana yeye yuko kazini. New York ni mbali zaidi, saa saba au nane nyuma: unapofungua wewe kwao ni usiku wa manane au 01:00. Umefungua duka, wateja nusu wamelala na nusu wako ofisini.

Anayejifunza Kiswahili kwa kupenda hujifunza akishatoka kazini. Kwa Wajerumani fungua saa mbili hadi saa nne usiku, ukishaswali Isha. Kwa watu wa California, amini usiamini, fungua alfajiri: saa kumi na mbili yetu kwao ni 20:00 ya jana yake wakati wa kiangazi, na 19:00 wakati wa baridi. New York nimewaacha, maana jioni yao ya 19:00 kwetu ni saa nane au saa tisa za usiku, na usingizi siuuzi.

Kabla ya hayo yote, ingia kwenye mipangilio uangalie kama saa za eneo zimeandikwa `Africa/Dar_es_Salaam`. Yangu ilikuwa imebaki kwenye `UTC`, hivyo nafasi niliyodhani ni ya saa mbili asubuhi ilikuwa ya saa tano.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuja alfajiri hiyo hiyo. Nilikuwa nimeandaa somo la ngeli kama la kidato cha kwanza, daftari liko wazi, mara jogoo wa jirani akawika dirishani. Kijana akacheka, akasema, "Jogoo linawika!" Kitabu chake kilimfundisha kwamba jogoo, majogoo ni kama jicho, macho, naye akafuata kitabu. Nikafunga daftari. Nusu saa nzima tulikaa na jogoo: anawika, majogoo wanawika, jogoo wa jirani, kwa sababu chenye uhai hushika *a-* na *wa-* hata jina lake likiwa na umbo la ngeli nyingine. Akaomba vipindi vinne. Lile somo la ngeli sijalifundisha mpaka leo.

Sasa jambo litakalokupata Oktoba. Mwanafunzi mmoja wa Hamburg tulipatana kwa simu, nje ya kalenda, kila Jumatatu saa mbili usiku kwangu, 19:00 kwake. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya ikarudisha saa nyuma. Jumatatu nikakaa mbele ya kamera saa mbili kamili, kimya. Saa mbili na nusu nikazima, nikamwandikia maneno makali kidogo. Yeye akaingia 19:00 yake, ambayo sasa kwetu ni saa tatu, akakuta giza. Kosa halikuwa lake. Saa zao husogezwa tena Jumapili ya mwisho ya Machi. Wamarekani wana tarehe zao, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna majuma ambayo wanafunzi wako wa pande mbili hawaendi sawa. Ukiweka vipindi ndani ya kalenda ya jukwaa, kila mmoja huona saa yake. Hatari ni yale mapatano ya mdomo.

Na usiwaandikie "saa mbili" tupu. Mgeni ataisoma kuwa 02:00 au 14:00. Siku moja kabla ya badiliko mimi huwatumia hivi: "Kuanzia kesho, Tanga 20:00, Hamburg 18:00. Ukitaka ibaki 19:00 yako, nijibu leo nihamie 21:00."