Saa Moja ya Kazi ya Pembeni Ilipe Kiasi Gani?

Kwa muda mrefu nilihariri maandishi ya watu usiku, baada ya kazi ya mchana, nikiamini kwamba ninalipwa vizuri. Kazi moja iliyonichukua saa 8 ililipwa 1,200, nami nikagawanya harakaharaka nikapata 150 kwa saa. (Sarafu nimeiacha kwa makusudi, weka unayoitumia.) Kosa langu lilikuwa kwamba saa 8 hizo zilikuwa za kuhariri tu.

Mwezi uliofuata niliweka daftari dogo kando ya kompyuta na kuandika kila dakika iliyoihusu kazi ya aina hiyohiyo, tangu ujumbe wa kwanza wa mteja mpaka fedha zilipoingia. Mazungumzo ya kupatana yalichukua saa moja na nusu. Kisha mteja alinirudishia maandishi akiomba "marekebisho madogo tu", nayo yakala saa mbili. Kuandaa ankara na kukumbusha malipo kulichukua nusu saa. Pamoja na saa 8 za kuhariri, jumla ikawa saa 12.

Upande wa fedha nao ulipungua. Intaneti, ada ya kupokea malipo na uchakavu wa kompyuta nilivikadiria kuwa 120, hivyo katika 1,200 ilibaki 1,080. Kodi nayo inahitaji uangalifu: pale ambapo viwango hupanda kadiri kipato kinavyoongezeka, fedha ya pembeni hukaa juu ya mshahara, kwa hiyo hukatwa kwa kiwango cha ngazi ya juu uliyofikia, wala si kwa wastani wa mshahara wako. Mimi hutenga asilimia 20. Wewe tumia kiwango kinachokuhusu. Baada ya kutoa 216 nilibaki na 864, ambayo ukiigawa kwa saa 12 unapata 72. Haikufika hata nusu ya ile 150 niliyojivunia.

Je, 72 ni ndogo au inatosha? Swali hilo halijibiki mpaka uwe na kiwango cha kulinganishia, na kiwango changu nilianza kukitafuta kwenye ajira yenyewe. Nilichukua mshahara unaobaki mkononi baada ya makato, 18,000 kwa mwezi, nikatoa nauli ya 1,400, kisha nikagawanya 16,600 kwa saa 220, yaani saa 180 za kazini na 40 za njiani. Nikapata takriban 75. Kumbe saa yangu ya usiku, nikiwa nimechoka, ilikuwa ikilipwa chini ya saa ya mchana.

Hata hivyo 75 ni mahali pa kuanzia tu, kwa sababu saa za ziada hazina uzito mmoja. Saa mbili za Jumamosi asubuhi naweza kuzitoa bila kuumia, lakini saa ya tano usiku huichukua kutoka kwenye usingizi, na kesho yake huilipa kwa makosa kazini. Nilijiuliza hivi: kama saa hiyo ingekuwa inauzwa, ningekubali kutoa kiasi gani ili nirudishiwe? Jibu langu lilikuwa 90, na ndicho kiwango ninachokishikilia. Asiye na ajira nyingine anaweza kukubali chini ya hapo, mradi asishuke chini ya gharama zake.

Ukishapata kiwango, hesabu hurudi kinyumenyume. Saa 12 kwa 90 ni 1,080 ya kubaki mkononi. Igawanye kwa 0.8 ili kufidia kodi, upate 1,350. Ongeza gharama za 120, upate 1,470. Hiyo ndiyo bei ya kazi ile niliyokuwa nikiifanya kwa 1,200, na kwa saa za kuhariri peke yake ni karibu 184 kila moja.

Usiichukue 184 hiyo ukaitumia kwa kila kazi. Marekebisho hufuata ukubwa wa kazi, lakini kupatana na kudai malipo huchukua takribani saa mbili zilezile hata kama maandishi ni ya kurasa tatu. Kazi ya kuhariri kwa saa moja, kwa hiyo, hunigharimu zaidi ya saa tatu, na ukiitoza 184 unafanya kazi kwa hasara bila kujua. Ndiyo maana nina bei ya chini kabisa kwa kazi yoyote, hata iwe ndogo namna gani. Mteja wa kudumu, ambaye hatupatani upya na hulipa bila kukumbushwa, naweza kumpunguzia, kwa kuwa kwenye daftari saa zake ni chache kweli.

Mteja wa kwanza kuambiwa 1,470 alikataa. Wa pili aliomba tupunguze, nikampunguzia idadi ya marekebisho, kutoka mara tatu hadi mara moja, bei ikabaki palepale.