Hita ya digrii 45 na bomba lililozibwa ukutani: maswali ya wasomaji

Fundi, hita yangu ni ya lita 150. Nimeshusha thamostati hadi digrii 45 ili niokoe umeme, na maji ya kuoga yanatosha. Kuna ubaya gani?

Bakteria aina ya legionela huzaliana kwenye maji ya kati ya digrii 20 na 45, na hustawi zaidi kwenye 35 hadi 37. Wewe umeliweka tangi lako ukingoni kabisa mwa eneo hilo, na hiyo 45 ni ya pale thamostati inapogusa tu. Maji baridi huingia kwa chini, na yale yaliyo chini ya elementi hayapati joto sawasawa. Kwa hiyo juu yanaweza kuwa 45 na kitakoni 30 na kitu, hapohapo yanapotulia tope na magamba ya chokaa ambayo bakteria hujificha ndani yake.

Rudisha 60. Kwenye 50 bakteria hawa hufa polepole sana, lakini kwenye 60 wengi wao huisha ndani ya dakika chache. Kuhusu umeme, kupandisha lita 150 kutoka 45 hadi 60 kunakula kama uniti 2.6. Hata hivyo usiihesabu yote kuwa hasara, maana maji yakiwa moto zaidi utachanganya baridi nyingi zaidi na kutumia ya moto kidogo. Hasara halisi ni joto linalovuja kwenye tangi, na dawa yake ni kulifunika tangi na mabomba yake vizuri, si kushusha thamostati. Ukiizima hita usiku, hakikisha kila siku tangi zima linafika 60 na kukaa hapo kwa saa moja. Kama ina elementi mbili, ya kuwasha ni ya chini.

Usiamini namba za kwenye kitufe. Subiri hita ijizime yenyewe, fungua bomba lililo karibu nayo zaidi, acha maji yatiririke dakika moja, kinga kwenye kikombe na utumbukize kipimajoto.

Tulipokarabati bafu tuliondoa sinki kubwa la kuogea. Fundi aliziba bomba la maji ya moto kwa plagi na kuweka vigae juu. Ni bomba la milimita 22, limebaki kama mita nne. Halivuji. Niliache?

Usiliache. Bomba la kipimo hicho hubeba takriban lita 0.32 kwa kila mita, kwa hiyo una lita 1.3 hivi za maji yasiyokwenda popote. Upande mmoja umeungwa kwenye tii, yaani kiungo cha njia tatu, ambako maji ya moto hupita kila siku; upande wa pili umezibwa na una joto la ukuta. Katikati ya ncha hizo mbili lazima kuna mahali penye digrii 35. Klorini iliyokuwamo kwenye maji yaliyolala huisha, na ndani ya bomba hujengeka utando wa ute ambamo bakteria huzaliana. Kila mtu anapofungua bomba jingine kwenye laini hiyo, maji yanayopita kwa kasi kwenye tii huzungusha na kuchota kidogo kutoka kwenye mkia huo na kuyapeleka shawani.

Ndiyo maana kupandisha tangi hata hadi 70 hakutalitibu bomba hili. Maji ya moto hupita mlangoni bila kuingia ndani, na kwa kuwa mwisho wake hakuna koki, huwezi kulisafisha kwa kulifungulia. Kufunga valvu mahali pa plagi nako hakubadilishi kitu.

Dawa ni kulikata kwenye tii, si kwenye plagi. Zima kwanza swichi ya umeme ya hita, kwa sababu elementi ikiwaka tangi likiwa halina maji huungua. Funga maji baridi yanayoingia kwenye hita, kisha fungua bomba la chini kabisa la laini hiyo mpaka likauke. Bandua vigae pale penye tii tu, kata pande zote mbili za tii, uitoe, na mahali pake weka kipande kilichonyooka kwa soketi mbili. Kile kipande cha mita nne kinaweza kubaki ukutani kikiwa kikavu. Kama tii haitoki, basi kisiki kinachobaki kisizidi mara mbili ya kipenyo cha bomba, yaani milimita 44 kwa hili lako.

Rudisha maji, acha mabomba yateme hewa mpaka yatoke bila kukohoa, ndipo uwashe umeme. Tangi likishafika 60, fungulia kila bomba la laini hiyo hadi lipate moto. Na msisahau bomba la maji baridi la sinki hilohilo; karibu kila mara nalo limezibwa vivyo hivyo, na likipakana na la moto ukutani huwa vuguvugu.

Nina mtoto wa miaka mitatu. Digrii 60 si zitamwunguza?

Zitamwunguza, tena vibaya na kwa sekunde chache tu. Funga valvu ya kuchanganya yenye thamostati, uiweke isizidi 43. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuifunga pale maji yanapotokea kwenye hita. Hapo mabomba yote ya nyumba hubeba maji ya digrii 40 na kitu, na faida ya tangi la 60 inaishia palepale. Ikae karibu na bomba au shawa yenyewe, na bomba linaloifuata lisizidi mita mbili.

Nikiyanywa maji yenye legionela nitaugua?

Kwa kawaida maambukizi hutokana na kuvuta pumzini matone madogo sana ya maji, kama ya shawa. Huleta nimonia, hasa kwa wenye umri zaidi ya miaka 50, wavutaji sigara na wenye mapafu dhaifu. Jina la legionela lenyewe limetokana na mlipuko wa mwaka 1976 huko Filadelfia, Marekani, kwenye mkutano wa maveterani.

Shawa ya chumba cha wageni inakaa hata miezi miwili bila kutumika. Nikiifungua, maji ya moto huja baada ya dakika tatu. Nifanye nini?

Mambo mawili tofauti. La kwanza ni kuifungulia kila wiki, moto na baridi, kwa dakika kadhaa mpaka joto litulie. Usisimame kwenye manyunyu: fungua kichwa cha shawa, au kitumbukize kwenye ndoo, ili maji yatoke bila kurusha matone. Kichwa chenyewe kisafishe magamba kila miezi mitatu.

La pili ni hizo dakika tatu. Kwa mfano, bomba la milimita 15 lenye urefu wa mita 12 lina lita 1.7 tu; kwa mkondo wa lita sita kwa dakika, maji yaliyolala yanapaswa kuisha kwa sekunde kama 20, na hata ukiongeza muda wa bomba lenyewe kupata moto, ndani ya dakika moja ungepata angalau 50. Kwa hiyo ama bomba ni nene kuliko linavyohitajika, ama mkondo ni hafifu, ama maji baridi yanavuja kuingia upande wa moto kupitia valvu ya kuchanganya. Anza na hilo la mwisho: funga maji baridi ya shawa hiyo peke yake, fungua ya moto, na upime tena. Yakija moto haraka, valvu ndiyo mbovu.