Masharti ya kurudisha fedha za tiketi ya warsha yaanze na kalenda ya matumizi yako

Matangazo mengi ya warsha za kulipia hapa Dodoma humalizika na mstari mmoja: "Fedha ikishalipwa hairudishwi." Ninaandaa warsha za kusindika zabibu, juisi na jamu, na mstari huo siutumii. Haumwambii mtu chochote kuhusu siku ambayo wewe mwandaaji ndiye utakayeahirisha, na siku hiyo ikifika watu watadai chao, nao watakuwa na haki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji, na huwezi kujificha nyuma ya maneno hayo wakati huduma uliyolipwa hukuitoa.

Ninavyofanya mimi, kabla ya kuandika sharti lolote ninachukua karatasi na kuandika ni lini kila shilingi ya tiketi inatoka mikononi mwangu bila uwezo wa kurudi. Tarehe hizo ndizo zinazoweka ngazi za kurudisha fedha.

Tuchukue warsha ya Jumamosi tarehe 22 Agosti, msimu wa pili wa mavuno ya zabibu. Nafasi ni 20 na tiketi ni sh. 60,000. Nikiigawa, sh. 15,000 ni sehemu ya ukumbi, sh. 10,000 ni ya mkufunzi, sh. 15,000 ni chai ya asubuhi na chakula cha mchana, sh. 10,000 ni chupa, sukari na zabibu zenyewe, na sh. 10,000 inayobaki ni ya kazi yangu. Mwenye ukumbi anakubali nijitoe na kurudishiwa malipo ya awali hadi wiki mbili kabla, yaani tarehe 8. Baada ya hapo nalipa ukumbi wote, wawe watu 20 au wanane, na mkufunzi naye anakuwa ameshakataa kazi nyingine. Mpishi anataka idadi kamili Jumatano tarehe 19 jioni, maana Alhamisi anaingia sokoni. Vifaa nanunua siku hiyohiyo ya Alhamisi.

Kwa hiyo kalenda yangu ina milango miwili tu. Wa kwanza ningeuweka tarehe 8, lakini hiyo ni Nane Nane na nusu ya wateja wangu wako Nzuguni kwenye maonyesho, basi nikausogeza hadi Ijumaa tarehe 7. Wa pili ni Jumatano tarehe 19. Anayejitoa kabla ya mlango wa kwanza hajanigharimu kitu, anarudishiwa yote. Anayejitoa katikati ameniachia deni la ukumbi na mkufunzi, sh. 25,000, hivyo anapata sh. 35,000. Baada ya Jumatano fedha imeshakuwa nyanya na mchele.

Tangazo nililiandika hivi:

"Ukijitoa hadi Ijumaa tarehe 7 Agosti saa 12 jioni, utarudishiwa sh. 60,000 yote. Ukijitoa baada ya hapo hadi Jumatano tarehe 19 Agosti saa 12 jioni, utarudishiwa sh. 35,000; sh. 25,000 inabaki kulipia ukumbi na mkufunzi. Baada ya hapo hatutaweza kurudisha fedha, lakini unaweza kumtuma mtu mwingine badala yako bila kuongeza malipo, au kuja kuchukua vifaa vyako. Tukipata mtu wa kununua nafasi yako, tutakurudishia sh. 55,000."

Angalia kwamba hakuna asilimia wala "siku 14 za kazi". Ukiandika siku 14, mmoja atahesabu na siku ya warsha, mwingine ataruka Jumapili, na wote wawili watakuwa na hoja. Tarehe pamoja na jina la siku hazibishaniwi. Saa nayo naiweka jioni kwa makusudi. Ukiandika "saa 6 usiku wa Jumatano", kuna atakayeelewa ni usiku wa kuamkia Jumatano na kuna atakayeelewa ni wa kuamkia Alhamisi. Nataja pia namba moja ya kutumia ujumbe, na kwamba muda unaohesabiwa ni ule ambao ujumbe umeingia kwangu. Kupiga simu peke yake hakutoshi, kwa sababu mazungumzo hayaachi alama.

Sharti la kumtuma mtu mwingine ndilo linalotuliza magomvi mengi. Mama mmoja wa Mpwapwa alinipigia Alhamisi, mtoto ameugua ghafla. Nilimsomea sharti, nikamwuliza, "Mama, hakuna ndugu anayeweza kuja?" Akamtuma mdogo wake, nami nikabadilisha jina kwenye orodha ya mlangoni, kazi ya dakika moja. Sikuhitaji cheti cha hospitali. Ukianza kudai vyeti vya ugonjwa na misiba unajigeuza hakimu, na mwenye msiba wa kweli ndiye atakayeumia kuombwa ushahidi.

Sehemu ya pili ya masharti inanihusu mimi, na naiandika kwa urefu uleule. Dodoma ina hatari yake: vikao na mikutano mikubwa huja kwa wingi, na ukumbi mdogo uliouwekea nafasi unaweza kunyang'anywa na mteja mkubwa. Limenikuta wiki moja kabla ya warsha, pamoja na kwamba nilikuwa na risiti mkononi. Sharti langu linasema: "Tukifuta warsha, au tukibadilisha tarehe, utachagua mwenyewe: kurudishiwa sh. 60,000 yote pamoja na makato uliyokatwa wakati wa kulipa, au kuhamishiwa tarehe mpya. Usipotujibu ndani ya siku 7, tutakurudishia fedha." Sentensi ya mwisho ina uzito wake. Waandaaji wengi humhesabu aliyenyamaza kuwa amekubali tarehe mpya, kumbe hakuona hata ujumbe. Kuhamisha ukumbi ndani ya mji sikuhesabu kama kufuta. Kumbadilisha mkufunzi aliyetajwa kwa jina nakuhesabu, maana wengine wanalipa kwa ajili yake.

Nauli na nyumba ya wageni siwezi kulipa, na nasema hivyo waziwazi palepale. Anayetoka Singida au anayepanda treni kutoka Dar anapaswa kujua kabla ya kukata tiketi ya safari.

Limebaki suala la makato. Mshiriki akijitoa mwenyewe, namtumia kiasi kilichoandikwa, gharama ya kutuma ni yangu, ya kutolea ni yake. Nikifuta mimi, natuma na ya kutolea. Fedha inarudi kwenye namba ileile iliyolipa, ndani ya siku 7, hata kama mtu anaomba itumwe kwingine. Ukilegeza hapo, mtu aliyeiona picha ya muamala kwenye kundi la WhatsApp anaweza kukuandikia akijifanya ndiye mwenye tiketi. Aliyelipiwa na bosi wake au kikundi chake, fedha inarudi kwa aliyelipa, wao watamalizana.

Masharti yote haya nayaweka kwenye tangazo juu ya lipa namba, yasomwe kabla ya mtu kulipa. Kisha malipo yakiingia natuma ujumbe huu: "Tumepokea sh. 60,000 yako ya warsha ya Jumamosi tarehe 22 Agosti. Siku ya mwisho ya kurudishiwa yote ni Ijumaa tarehe 7, saa 12 jioni." Jumatatu tarehe 17 nautuma mwingine kuwakumbusha ule mlango wa Jumatano, na kila mara wapo wawili watatu wanaojibu kwamba hawataweza kuja, wakati mpishi bado hajahesabu sahani.