Maswali na majibu: video yako ya zamani ilipendwa sana, unaiandikaje upya bila kujirudia

"Mapema 2023 nilitoa video ya sayari yenye miezi mingi kuliko zote, nikasema ni Mshtarii, 92. Ilikimbia balaa. Sasa komenti zote wananisahihisha. Nirekodi upya na namba mpya?"

Kwanza hukudanganya, Februari 2023 Mshtarii kweli ilikuwa mbele kwa hiyo 92, ila ilipofika Mei mwaka huohuo Zohali ikapanda hadi 145, baadaye ikafika 146, halafu Machi 2025 ikaongezewa miezi 128 kwa mpigo, ikawa na 274. Sasa jiulize, ukibadilisha jina na namba tu, skripti yako mpya inabeba nini? Sentensi moja. Mtu akishasikia "ni Zohali, 274" anaondoka, na haki yake.

Mi ningekaa hapo kwenye 128. Miezi mia na kitu inapatikanaje kwa mara moja, ilikuwa imejificha wapi? Jibu ndo tamu: ni vijiwe vya kilomita chache tu, hafifu mno hata picha moja ya darubini haivioni, kwa hiyo watafiti wanapiga picha nyingi mfululizo, wanazisogeza kufuata mwendo wa mwezi wanaoutafuta, wanazipandanisha, na ule mwanga mdogo unajumlishwa mpaka nukta inatokea. Halafu lazima wakifuatilie mpaka njia yake kuizunguka sayari ijulikane, ndo kinatambuliwa rasmi. Na kumbe hakuna kipimo rasmi cha udogo, yaani hakuna mahali palipoandikwa kwamba chini ya ukubwa fulani hiki si mwezi. Basi engo yako hiyo hapo: video ya zamani iliuliza nani ana mingi, mpya inauliza kitu gani hasa kinastahili kuitwa mwezi. Mashindano ya Mshtarii na Zohali yanabaki kama njia ya kuingilia, sekunde ishirini hivi, basi.

"Nachukua nini kutoka skripti ya zamani?"

Fungua YouTube Studio, angalia ile grafu ya watu wanaobaki kwenye video. Palipo na kilima ujue watu wamerudia kuangalia, palipoporomoka wamechoka au wameshapata walichofuata. Nenda sekunde yenyewe usikilize ulikuwa unasema nini. Tuseme kilima kiko pale ulipolinganisha ukubwa wa mwezi mmoja na mwingine, hapo umejua watu wanapenda kuona ukubwa, kwa hiyo kwenye mpya tengeneza ulinganisho mwingine kabisa, mfano Titani yenye kipenyo cha zaidi ya kilomita 5,000 iwekwe kando ya kijiwe cha kilomita tatu, vyote viwili vinaitwa mwezi wa Zohali. Umechukua kilichowavuta, maneno umeyaacha. Ila angalizo, kilima kingine kinatokea kwa sababu uliongea haraka au maandishi yalipita mbio na watu wakarudisha nyuma ili waelewe, hicho sio cha kujivunia.

Baada ya hapo soma komenti, tafuta maswali sio sifa, na ukianza kuandika funga skripti ya zamani kabisa, maana ikiwa wazi pembeni utajikuta unanakili mpangilio wake bila kujua. Kila namba uihakiki upya hata zile unazodhani hazijabadilika, na uitaje na tarehe yake: "hadi Machi 2025 Zohali ina miezi 274". Ikigunduliwa mingine kesho, sentensi yako bado ni kweli.

"Ile ya zamani niifute?"

Hapana jamani. YouTube haikuruhusu kuweka faili jipya kwenye linki ileile, kwa hiyo ukifuta unapoteza watazamaji, komenti na nafasi yake kwenye utafutaji. Iache, andika sahihisho mstari wa kwanza wa maelezo, bandika komenti juu yenye linki ya mpya, na kichwa kiongeze mwaka ili mtu ajue anaangalia habari za lini. Ingekuwa kosa lenyewe linaweza kumuumiza mtu, mfano kipimo cha dawa, hapo ningeiondoa bila kufikiria mara mbili.

"Nitajuaje nimejirudia kabla sijaipandisha?"

Andika kila video kwa swali moja inalolijibu. Maswali yakifanana, rudi mezani. Kisha soma kwa sauti sekunde 30 za mwanzo za zote mbili, moja baada ya nyingine. Ya zamani ilianza "Leo tunaangalia sayari yenye miezi mingi zaidi", mpya ianze mahali ambapo ile isingeweza kuanzia, kwa mfano: "Hiki kijiwe ni kidogo kuliko mji, na bado kinaitwa mwezi. Nani kaamua?" Ukishapandisha, rudi kwenye grafu: ikiporomoka palepale unapoelezea kitu ulichokisema 2023, wale wa zamani wamekitambua, na kwenye Studio unaweza kukata kipande hicho bila linki kubadilika.