Je, dunia iliumbwa na mungu mdogo, na wokovu ni siri ya wachache?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Kuna mhubiri anafundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale si Baba wa Yesu, bali ni mungu mdogo aliyeumba dunia hii yenye mateso, na kwamba mwili ni gereza la roho. Anasema mitume walikuwa na elimu ya siri ambayo Kanisa lilizika, ikafukuliwa Misri. Anatukumbusha kuwa Paulo mwenyewe alisema mwili unapingana na Roho. Tangu nimsikilize, hata kula nashiba kwa hatia. Nimjibuje?

Jibu: Amina, mpendwa. Mafundisho hayo ni ya zamani sana, yanaitwa Ugnosi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya elimu. Maandiko anayoyataja yapo kweli. Mwaka 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi huko Misri ya Juu, wakulima walikuta mtungi wenye vitabu vya mafunjo vilivyofungwa kwa ngozi, vimeandikwa kwa Kikopti. Leo vinahesabiwa 13, ingawa cha mwisho ni kurasa chache tu. Ndani yake kulikuwa na Injili ya Tomaso, yenye semi 114, na kitabu kiitwacho Siri ya Yohana. Ukisikia habari za mungu mdogo, mara nyingi zimetoka katika kile cha pili. Injili ya Tomaso haina kabisa hadithi hiyo ya uumbaji, kwa hiyo anayezichanganya hajazisoma vizuri.

Siri ya Yohana inasimulia hivi. Juu kabisa yuko Roho asiyeonekana, na kwake hutoka nguvu nyingi za nuru. Ya mwisho kati ya hizo, Sofia, yaani Hekima, anataka kuzaa peke yake bila idhini ya Roho wala ya mwenzi wake. Kinachozaliwa ni kiumbe kibovu chenye umbo la nyoka na uso wa simba, jina lake Yaldabaoti. Sofia anamficha ndani ya wingu kwa aibu. Yaldabaoti, asiyejua ametoka wapi, anaumba ulimwengu na watawala wake, kisha anatangaza: mimi ni Mungu mwenye wivu, hapana mungu mwingine ila mimi. Hapo mwandishi anauliza: kama hapakuwa na mwingine, angemwonea nani wivu? Baadaye malaika wake wanamtengeneza Adamu, lakini Adamu analala tu, hainuki, mpaka Yaldabaoti anapodanganywa ampulizie usoni. Bila kujua, anatoa nguvu ya nuru aliyoipata kwa mama yake. Kuanzia hapo wokovu ni kuamshwa, ukumbuke kwamba nuru iliyo ndani yako si ya hapa.

Umeona walichofanya? Hawakutunga Mwanzo nyingine. Wameichukua ileile, na maneno ya Kutoka 20:5 na Isaya 45:5, wakageuza nani ni mwema na nani ni mwovu. Kwa hiyo ukitaka kumjibu mhubiri huyo, anzia kwenye lile swali la wivu, maana ndilo lenye makali.

Kutoka 20:5 ina amri ya kutosujudia sanamu, na wivu unaotajwa hapo ni wa agano, ndiyo maana manabii kama Hosea waliusema kwa lugha ya ndoa. Mke ambaye mumewe kila jioni yuko kilabuni anaweza kuona wivu juu ya pombe. Je, hilo linathibitisha kwamba pombe nayo ni mke? Anachokililia ni moyo wa mumewe. Vivyo hivyo Mungu haoni wivu kwa sababu kuna mungu mwenzake. Kinachomuumiza ni kwamba watu wake wanakwenda kwa kitu ambacho si mungu.

Kuhusu siri, mhubiri wako amechukua nusu ya neno. Ni kweli Paulo anataja siri mara nyingi. Lakini soma Wakolosai 1:26 mpaka mwisho: siri iliyofichwa tangu zamani zote, “bali sasa wamefunuliwa watakatifu wake”. Na mstari wa 28 unasema kila mtu, tena unarudia, afundishwe. Kwa Paulo siri ni jambo lililokuwa limefichwa na sasa linatangazwa hadharani. Kwa Wagnosi ni jambo lililotangazwa kwa wachache ili wengine wasilijue.

Hoja hii ilijibiwa mapema. Yapata mwaka 180, Ireneo, askofu wa Lyon, ambaye utotoni alimsikia Polikarpo, askofu wa Smirna aliyefundishwa na mitume, aliandika vitabu vitano kuyapinga mafundisho hayo. Alisema kwamba kama mitume wangekuwa na siri za kuwafundisha wakamilifu pembeni, wangewapa kwanza wale waliowakabidhi makanisa. Kisha akataja kwa majina maaskofu wa Roma kuanzia Lino hadi Eleuterio, wa 12, ili msomaji aone kwamba mafundisho yamepita mikononi mwa watu wanaojulikana. Tena katika vitabu hivyo alieleza hadithi inayofanana sana na ya Siri ya Yohana. Anayetaka kuficha kitu hakiandiki na kukisambaza. Pamoja na hayo, Ireneo alikuwa mpinzani, na si kila anachowashutumu kinapatikana katika maandiko yao. Anadai baadhi yao waliishi ovyo kwa kuwa mwili haukuwa na maana kwao, wakati vitabu vya Nag Hammadi kwa sehemu kubwa vinaelekea kujinyima.

Sasa nije kwenye mwili, maana hapo ndipo unapoumia. Kiswahili kinatupa shida. Paulo ana maneno mawili ya Kigiriki, sarx na soma, na Biblia yetu imeyatafsiri yote “mwili”. Katika Wagalatia 5:17 ni sarx, na hapo Paulo ana maana ya mwanadamu mzima akiishi kwa kumpa Mungu kisogo. Jaribu kuhesabu matendo ya mwili katika mistari ya 19 hadi 21 ya Biblia ya Union. Yako 15. Yanayohusu tamaa za kiwiliwili ni uasherati, uchafu, ufisadi, ulevi na ulafi. Mengine 10 ni kama uchawi, uadui, wivu, fitina na husuda, ambayo hata roho isiyo na tumbo ingeweza kuyafanya. Kiwiliwili chenyewe, soma, ndicho kinachoitwa hekalu la Roho Mtakatifu katika 1 Wakorintho 6:19. Na Yohana 1:14, inaposema Neno alifanyika mwili, inatumia lile neno zito, sarx. Mgnosi hawezi kuupokea mstari huo ulivyo.

Basi kula chakula chako kwa shukrani. Ukifunga, funga kwa muda, kisha ufungue. Yesu alimwagiza anayefunga anawe uso na kujipaka mafuta (Mathayo 6:17), jambo ambalo halina maana kama uso ni ukuta wa gereza. Ukiona kufunga kwako kunakufanya uchukie chakula, mwenzi wako au watoto uliowazaa, kumeshaingia kule 1 Timotheo 4:3 inakokukemea.

Mateso ya dunia hatuyakatai. Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua. Ila angalia tunangoja nini katika mstari wa 23: “ukombozi wa mwili wetu”. Paulo hakuandika ukombozi kutoka katika mwili, na neno alilotumia hapo ni soma.